Saratani au seli shina: uchague swali lipi la insha?

Maswali haya mawili hupenda kukaa jirani kwenye karatasi ya baiolojia, na mara nyingi unatakiwa kujibu moja tu. Tuseme la kwanza, Swali A, linasema: "Saratani ni mgawanyiko wa seli usiodhibitiwa. Fafanua kauli hii kwa kutumia mfano mmoja." La pili, Swali B, linasema: "Eleza seli shina ni nini, kisha jadili matumizi yake katika tiba." Una kama dakika 40 na kurasa mbili au tatu za kujaza.

Wanafunzi wengi hukimbilia B. Linaonekana jepesi kwa sababu kila mtu amesikia habari za seli shina, na kichwani kuna orodha ya magonjwa inayosubiri kumwagwa kwenye karatasi. Saratani inaonekana ngumu, ina majina ya jeni na protini. Mimi nadhani kwa mwanafunzi wa kawaida mambo ni kinyume. A lina uzi mmoja: ukiushika mwanzo, kila sentensi inaivuta inayofuata. B lina amri mbili ndani yake, "eleza" na "jadili", na lina mtego mkubwa kwenye neno "matumizi". Hata hivyo, yupo mwanafunzi ambaye B linamfaa zaidi, na nitamweleza nikifika huko. Tuyafungue yote mawili kwa mfano mmoja mmoja, uone lipi unaweza kulibeba hadi mwisho.

Swali A, kupitia uvimbe wa Burkitt

Mfano utakaochagua ndio utakaoiokoa au kuizamisha insha yako. Wengi huchukua saratani ya mapafu na sigara, kisha ukurasa mzima unageuka kuwa mahubiri dhidi ya tumbaku huku seli ikisahaulika. Ningekushauri uchukue limfoma ya Burkitt. Ni saratani ya seli nyeupe za damu za aina ya B, zile zinazotengeneza kingamwili, na inashika sana watoto wa ukanda wa joto wa Afrika. Imeelezwa kutoka hapa hapa kwetu: mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alichapisha maelezo ya watoto waliokuwa na uvimbe wa taya uliokua kwa kasi ya kutisha. Miaka michache baadaye alisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika akiuliza hospitali moja baada ya nyingine, na akaona kwamba uvimbe huo ni adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi lakini wa kawaida kwenye maeneo ya chini yenye joto na mvua. Ramani yake ilikaribiana sana na ramani ya malaria.

Lakini usianze na Burkitt. Anza na seli yenye afya, maana huwezi kusema kitu kimekosa udhibiti kabla hujaonyesha udhibiti wenyewe ulikuwa nini. Seli hupitia hatua nne: hukua na kujiandaa (G1), hunakili DNA yake (S), hukagua na kujiandaa tena (G2), kisha hugawanyika (M). Katikati kuna vituo vya ukaguzi. Mwishoni mwa G1 seli huulizwa kama kweli imeagizwa kugawanyika na kama DNA yake ni nzima. Kabla ya M huulizwa kama imemaliza kunakili bila makosa. Ndani ya M huulizwa kama kila kromosomu imeshikwa vizuri na nyuzi zinazoivuta. Seli ikishindwa ukaguzi husimama ikarekebishwa, na isiporekebishika hujiua kwa utaratibu. Aya moja inatosha kwa haya yote.

Aya ya pili iseme nani anasimamia. Kuna jeni zinazosukuma seli igawanyike, mojawapo ikiitwa MYC, na kuna jeni zinazoizuia, maarufu zaidi ikiwa TP53, ambayo protini yake, p53, husimamisha seli yenye DNA iliyoharibika au huiamuru ife. TP53 imeharibika katika takriban nusu ya saratani zote za binadamu. Hapa ndipo mwanafunzi hodari anapoonekana: aseme kwamba jeni la kusukuma likikosewa, nakala moja tu inatosha kuleta madhara, kwa sababu agizo la "gawanyika" linasikika hata kama nakala ya pili ni nzima. Jeni la kuzuia kwa kawaida huhitaji nakala zote mbili ziharibike, kwa sababu moja iliyobaki bado inaweza kuzuia. Sentensi hizo mbili ni fupi, lakini zinaonyesha umeelewa na hukukariri.

Sasa mlete Burkitt. Ndani ya seli B za mtoto mgonjwa, mara nyingi kipande cha kromosomu ya 8 na kipande cha kromosomu ya 14 vimekatika na kubadilishana mahali. Kwenye kipande cha 8 kulikuwa na jeni la MYC. Kwenye 14 kuna jeni la mnyororo mzito wa kingamwili, ambalo katika seli B husomwa usiku na mchana, kwa kuwa kazi ya seli hiyo ni kutengeneza kingamwili. MYC imehamishiwa jirani na swichi isiyozimwa. Hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika mfano huu, na ningeliandikia aya nzima: kiini cha tatizo hakiko kwenye protini yenyewe. MYC inaweza kuwa inatengenezwa ile ile ya siku zote. Kilichokosewa ni kiasi chake na wakati wake. Mwanafunzi anayeandika "jeni liliharibika" anapata alama kidogo. Anayeandika "jeni lilihamishwa mahali, likawa linasomwa bila kukoma" amejibu neno "usiodhibitiwa" lilivyoulizwa.

Kwa nini mkato utokee hapo hasa, kwenye 8 na 14? Kwa sababu seli B ndiyo seli inayokata na kuunga DNA yake kwa makusudi ili kutengeneza kingamwili za aina nyingi. Ina kimeng'enya cha kazi hiyo, na mara chache kimeng'enya hicho hukata pasipotakiwa. Kadiri seli B zinavyochochewa kugawanyika na kukata, ndivyo nafasi ya kukosea inavyoongezeka. Malaria inayorudi rudi huzichochea kwa miaka. Pamoja nayo kuna kirusi cha Epstein-Barr, kilichoonekana kwa hadubini ya elektroni mwaka 1964 ndani ya seli zilizotolewa kwenye uvimbe wa wagonjwa wa Uganda na kupelekwa London. Kirusi hiki huingia seli B na kuzisaidia ziishi pale ambapo zingejiua. Ila angalia: zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wamebeba kirusi hicho na hawana saratani. Kwa hiyo usiandike "kirusi cha Epstein-Barr husababisha limfoma ya Burkitt" ukaishia hapo. Andika kwamba kirusi na kosa la kromosomu vilikutana ndani ya seli moja iliyochochewa na malaria. Saratani karibu zote zinahitaji makosa kadhaa, na ndiyo maana nyingi huja uzeeni. Burkitt huwahi utotoni kwa sababu seli B hukimbizwa mapema.

Kisha weka hesabu, maana hesabu ndogo hufanya kazi ambayo vivumishi haviwezi. Seli za Burkitt zinaweza kuongezeka mara mbili ndani ya saa 24 hadi 48. Seli moja ikigawanyika mara 10 zinakuwa 1,024. Mara 20, zinapita milioni moja. Mara 30, zinapita bilioni moja, na seli bilioni moja ni kama gramu moja ya uvimbe, ukubwa wa punje kubwa ya maharage. Kwa mwendo wa saa 48, hizo mara 30 ni siku 60. Mara mbili zaidi, siku nne tu, punje moja imekuwa nne. Mzazi anayesema "wiki mbili zilizopita taya lilikuwa sawa" hakosei. Ongeza sentensi moja ya tahadhari: hesabu hii inadhani hakuna seli inayokufa, wakati kwenye Burkitt seli nyingi hufa pia, na chini ya hadubini huonekana seli kubwa zilizopauka zikizila zile zilizokufa, zikitapakaa katikati ya seli nyeusi zilizobanana.

Maliza na tiba, kwa ufupi, na uiunganishe na hoja. Dawa kama saiklofosfamaidi huharibu DNA ya seli zinazogawanyika. Kwa kuwa karibu kila seli ya Burkitt iko kwenye mzunguko wa kugawanyika, uvimbe unaweza kuyeyuka ndani ya siku chache, na madaktari wa Kampala waliliona hilo tangu miaka ya 1960. Kasi ile ile inayoua ndiyo inayofanya dawa ishike. Dawa haichagui, lakini: nywele, utando wa utumbo na uloto wa mifupa navyo hugawanyika haraka, ndiyo maana mgonjwa hunyonyoka, hutapika na kupungukiwa damu. Na seli nyingi zikifa kwa mkupuo, potasiamu na asidi ya yuriki hufurika damuni na kuweza kuziba figo au kuvuruga moyo, kwa hiyo mtoto huongezewa maji mengi kabla ya dawa kuanza. Ukiandika hilo la mwisho, mtahini anajua unaongelea mgonjwa halisi.

Swali B, kupitia upandikizaji wa uloto

Hapa kazi ya kwanza ni fasili, na fasili ina miguu miwili. Seli shina hujizalisha yenyewe, na inaweza kubadilika ikawa seli ya kazi maalumu. Ukisahau mguu wa kwanza umeeleza seli changa yoyote. Ukisahau wa pili umeeleza hata seli ya saratani. Nimesahihisha insha nyingi zinazoanza hivi: "Seli shina ni seli ambazo zinaweza kuwa seli yoyote mwilini." Sentensi hiyo ni kosa, na inakuja mstari wa kwanza, kwa hiyo inamtia mtahini shaka kwa insha nzima. Inahusu baadhi tu. Yai lililorutubishwa na seli za migawanyiko yake michache ya kwanza zinaweza kutoa mtoto mzima pamoja na kondo. Seli za ndani ya kiinitete cha siku tano hivi zinaweza kutoa tishu zote za mwili lakini si kiumbe kamili peke yake. Seli shina za mtu mzima zimebanwa zaidi: zile za uloto hutoa seli za damu na kinga, na hazitoi neva wala misuli ya moyo.

Sasa mtego wenyewe. "Matumizi katika tiba" humfanya mwanafunzi aandike kisukari, kiharusi, Parkinson, upofu, uti wa mgongo uliokatika, moyo, figo. Mengi ya hayo bado ni utafiti, na mengine ni tangazo la kliniki inayouza sindano za mamilioni. Mtahini anayejua fani atagawa alama kati ya tiba iliyothibitishwa na ile inayojaribiwa, na orodha yako itakuwa upande mmoja wote. Tiba ya seli shina iliyosimama imara, iliyofanyiwa watu wengi kwa miongo mingi, ni upandikizaji wa uloto. Pembeni yake kuna ngozi inayokuzwa maabara kwa walioungua, na seli za ukingo wa konea kwa jicho lililoungua kwa kemikali. Ukiweka hizo mbili kwa sentensi moja moja, zinatosha.

Kwa hiyo chukua mtoto mwenye selimundu. Kosa lake ni herufi moja ya DNA katika jeni la globini ya beta: badala ya asidi ya amino ya glutamiki kunakaa valini. Hemoglobini yake hushikana na kuwa nyuzi oksijeni inapopungua, chembe nyekundu inajikunja, na badala ya kuishi siku 120 inaishi kama siku 10 hadi 20. Chembe nyekundu haina kiini cha seli, kwa hiyo hakuna cha kurekebisha ndani yake. Wala hakuna maana ya kurekebisha, kwa kuwa uloto humwaga mpya mabilioni kila siku, zote zikiwa na kosa lile lile. Ndiyo sababu damu anayoongezewa humsaidia wiki chache tu. Ukitaka kubadilisha damu kwa maisha yote, lazima ubadilishe seli inayojizalisha. Hoja hiyo, iandike mapema na kwa maneno yako, kwa sababu inaonyesha kwa nini seli shina na si seli nyingine. Tanzania, ambako huzaliwa takriban watoto 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, watoto wameanza kupandikizwa uloto katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu 2023. Ni mfano wa nyumbani na hakuna atakayekulaumu kuutumia.

Hatua zake zifuatane. Kwanza anatafutwa mchangiaji anayelingana naye kwa alama za tishu zinazoitwa HLA. Hizi hurithiwa kwa mafungu, fungu moja kwa baba na jingine kwa mama, hivyo ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi ya asilimia 25 ya kulingana kikamilifu. Ndugu anayebeba kosa hilo kwenye nakala moja tu, yaani AS, anaruhusiwa kuchangia. Mwenye SS haruhusiwi, kwa sababu zilizo wazi. Seli shina huchotwa kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga mchangiaji akiwa amelala kwa dawa, au mchangiaji hudungwa kwa siku kadhaa dawa inayozifukuza seli zitoke ulotoni na kuingia kwenye damu, kisha zikavunwa kwa mashine.

Kabla ya kupewa, mgonjwa hupewa dawa kali, mara nyingi busulfani pamoja na nyingine, ili kuua uloto wake na kuzima kinga yake. Siku ya kupandikizwa haina upasuaji wowote kwake. Mfuko unatundikwa, seli zinaingia kwenye mshipa kama damu ya kawaida, na zenyewe hutafuta njia hadi ndani ya mifupa. Kipimo kinachotakiwa mara nyingi ni angalau seli shina milioni 2 kwa kila kilo ya mwili. Mtoto wa kilo 20 anahitaji zisizopungua milioni 40. Idadi hiyo inaonekana kubwa hadi ukumbuke kwamba ni sehemu ndogo tu ya seli zote zilizomo kwenye mfuko.

Baada ya hapo ni kungoja. Wiki mbili hadi nne mtoto hana kinga, na homa yoyote ni dharura. Wauguzi hupima seli nyeupe kila siku, na pale zile za aina ya nutrofili zinapofika 500 kwa kila mikrolita kwa siku tatu mfululizo, husemwa kwamba uloto mpya umeshika. Miezi inayofuata, kipimo cha hemoglobini kinaeleza mengine. Kama mchangiaji alikuwa AA, hemoglobini S inakaribia kutoweka. Kama alikuwa AS, mgonjwa anabaki na kiwango cha mtu mwenye AS, na anaishi kama yeye. Hata kundi la damu linaweza kubadilika likawa la mchangiaji.

Neno "jadili" linadai pia mipaka. Taja tatu na uzieleze. Kuna hatari ya seli za kinga za mchangiaji kuushambulia mwili mpya: ngozi inapata vipele, utumbo unaharisha, ini linaleta manjano. Kuna dawa za maandalizi ambazo zinaweza kumnyima mtoto uwezo wa kuzaa baadaye. Na kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosea: mtoto aliyepona bado anaweza kumrithisha mwanawe jeni la S, kwa sababu kilichobadilishwa ni uloto, na seli za uzazi hazikuguswa. Nikisoma insha inayosema "jeni lilirekebishwa mwilini mwake" katika upandikizaji wa kawaida, najua mwandishi hajauelewa. Ukitaka kutaja tiba ya kuhariri jeni, ambapo seli shina za mgonjwa mwenyewe hutolewa, zikahaririwa zianze tena kutengeneza hemoglobini ya mtoto mchanga, kisha zikarudishwa, sema kwamba iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, na kwamba bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa. Nayo pia hupitia dawa kali zile zile za kuua uloto.

Ukiyaweka bega kwa bega

Tofauti kubwa ni namna alama zinavyopotea. Kwenye A hupotea katikati ya mnyororo. Mwanafunzi anaeleza mzunguko wa seli vizuri, anaruka moja kwa moja hadi "hivyo uvimbe unatokea", na pengo la jeni linabaki wazi. Tiba ya pengo hilo ni kujiuliza baada ya kila sentensi: kwa nini? Ukishindwa kujibu, hujamaliza. Kwenye B alama hupotea pembeni, kwenye mambo yasiyothibitishwa na kwenye fasili pana mno. Insha dhaifu ya A ni fupi na ina shimo. Insha dhaifu ya B ni ndefu na imejaa, jambo ambalo mwandishi wake halioni, kwa hiyo hutoka chumba cha mtihani akiwa na furaha.

Mimba na maadili ni kona nyingine. B linaweza kukuvuta kwenye mjadala wa kutumia viinitete. Mjadala huo ni wa haki, na kama swali linasema "jadili" unaweza kuupa aya moja: seli za kiinitete cha binadamu zilitengwa mwaka 1998, na kuzipata kulivunja kiinitete, mwaka 2006 Shinya Yamanaka na wenzake mjini Kyoto walirudisha seli za ngozi ya panya kwenye hali inayofanana na hiyo, na mwaka uliofuata za binadamu. Zaidi ya aya moja umeondoka kwenye baiolojia. Kwa wale wanaopenda kuandika hoja na kuzipima, hii ni faida. Kwa wale wanaopotea wakianza kutoa maoni, ni shimo.

Kwa hiyo mwanafunzi wa B ni yupi? Ni yule anayeweza kusimulia tiba moja kuanzia kwenye kuchagua ndugu hadi kwenye kipimo cha hemoglobini, bila kutazama daftari, na anayejua kutenganisha "inatumika" na "inajaribiwa". Kama una ndugu mwenye selimundu, au umewahi kumsindikiza mtu kliniki ukasikia maneno haya yakitumika, labda ni wewe. Asiyekuwa hivyo aende A, na atumie muda wake kuufanya mnyororo usikatike.

Njia ya kujua iko kwenye dakika mbili za kwanza. Chukua karatasi ya rafu na uandike, kwa A, njia kutoka seli moja yenye afya hadi taya lililovimba, kwa hatua sita. Kisha kwa B, njia kutoka nyonga ya ndugu hadi damu mpya ya mgonjwa, nayo kwa sita. Ile itakayotoka bila kurudi nyuma kufuta ndiyo yako. Usihesabu ukweli unaoujua. Hesabu viungo vinavyoshikana.

Zipo sehemu mbili ambapo maswali haya yanakutana, na zote zinaweza kukupa aya ya mwisho yenye uzito. Ya kwanza inafaa B. Taarifa ya kwanza ya selimundu kuponywa kwa uloto, iliyochapishwa mwaka 1984, ilimhusu msichana wa miaka minane nchini Marekani ambaye hakupandikizwa kwa sababu ya selimundu. Alikuwa na saratani ya damu, na uloto ulikuwa tiba ya hiyo saratani. Saratani ilipoondoka, selimundu nayo ikaondoka, kwa sababu magonjwa yote mawili yalikaa kwenye seli zilizouawa na kubadilishwa.

Ya pili inafaa swali lolote kati ya hayo. Yamanaka aligeuza seli za ngozi kuwa seli shina kwa kuingiza jeni nne, na mojawapo ilikuwa MYC, ile ile iliyohama kromosomu katika uvimbe wa Burkitt. Baadhi ya panya waliotokana na seli hizo walipata uvimbe, MYC iliyopandikizwa ilipowaka tena. Hii ndiyo sababu watafiti walitafuta njia ya kuacha MYC nje, na ndiyo sababu seli zozote za namna hiyo hukaguliwa DNA kabla ya kuingizwa kwa mtu. Mwaka 2015 huko Japani jaribio la kutibu jicho lilisitishwa baada ya mabadiliko ya jeni kuonekana kwenye seli za mgonjwa wa pili. Kama umechagua A, iweke baada ya aya ya MYC, kwa sentensi tatu, kama ushahidi kwamba jeni hilo hufanya kazi halali ya kuzipa seli uwezo wa kujizalisha. Kama umechagua B, iweke kwenye mipaka, mara tu baada ya seli za Yamanaka. Usiiweke kwenye utangulizi, kwa sababu hapo mtahini bado hajajua MYC ni nini na utalazimika kuieleza mara mbili.